Shilingi 800 au shilingi 600?

Wifi yangu anafundisha shule ya msingi wilayani Kilosa. Alichukua mkopo wa shilingi milioni 10 benki ili apaue nyumba yake, na rejesho linakatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Muda mfupi baadaye kitinda mimba wake akatoka bweni na kuanza kusoma shule ya kutwa, na shilingi 60,000 ambazo mama alikuwa akizituma kila mwezi zikabaki mkononi. Akanipigia simu usiku.

"Wifi, hizi elfu sitini nizipeleke kwenye deni liishe mapema, au niziweke UTT zizae?"

Alikwisha kuwauliza walimu wenzake. Mmoja alimwambia deni ni utumwa, alimalize kwanza. Mwingine akamwambia tajiri halipi deni kabla ya wakati, tajiri anawekeza. Wote wawili walijibu kwa uhakika, na hakuna hata mmoja aliyeshika kalamu. Nikamwomba wifi anisomee karatasi yake ya mkopo, mstari kwa mstari, ndipo tukaanza kupiga hesabu.

Mkopo wake ni wa miaka mitano, miezi 60. Riba ni asilimia 16 kwa mwaka, na inakokotolewa kwenye salio, yaani kiasi kilichobaki, si kiasi alichokopa mwanzo. Rejesho ni shilingi 243,180 kila mwezi. Zidisha mara 60 upate 14,590,800. Kwa hiyo milioni 10 za mabati na mbao zitamgharimu riba ya karibu shilingi milioni nne na laki sita.

Sasa tazama namna rejesho moja linavyogawanyika. Asilimia 16 kwa mwaka ni kama asilimia 1.33 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza anadaiwa milioni 10, hivyo riba ya mwezi huo ni shilingi 133,333. Katika zile 243,180, benki inachukua kwanza riba yake, na kinachobaki, shilingi 109,847, ndicho kinachopunguza deni. Mwezi wa pili deni limekuwa 9,890,153, na riba inahesabiwa upya kwa kiasi hicho: 131,869. Mwezi baada ya mwezi riba inapungua, na sehemu inayokula deni inaongezeka.

Wifi akiongeza shilingi 60,000 juu ya rejesho la mwezi wa kwanza, riba haiigusi hata senti ya pesa hizo, kwa sababu riba ya mwezi huo imekwisha kulipwa. Zote zinakwenda kukata deni. Na deni lililopungua kwa 60,000 halizai tena riba ya 60,000. Asilimia 1.33 ya 60,000 ni shilingi 800. Basi kila mwezi, kuanzia mwezi wa pili mpaka mkopo uishe, ile elfu sitini moja inamwokolea shilingi 800.

Upande wa pili kuna uwekezaji. Kwa mwalimu wa Kilosa mwenye elfu sitini, milango si mingi. Hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu ya Tanzania zinaanzia shilingi milioni moja. Mifuko ya UTT AMIS, ukiwemo Mfuko wa Ukwasi ambao wengi huutumia kama akiba inayozaa, inapokea kiasi kidogo na unaweza kununua vipande kwa simu. Tukakubaliana kuhesabu kwa faida ya asilimia 12 kwa mwaka. Hiyo si ahadi ya mtu yeyote, maana faida ya mfuko hupanda na kushuka; ni makadirio tu ya kufanyia hesabu. Asilimia 12 kwa mwaka ni asilimia moja kwa mwezi, na asilimia moja ya 60,000 ni shilingi 600.

Swali lote la wifi likabaki hapo: ile elfu sitini ukiipeleka kwenye deni inakuingizia 800 kwa mwezi, ukiipeleka kwenye mfuko inakuingizia 600. Ni kweli ile 800 huioni ikiingia kwenye simu. Lakini pesa ambayo hutalazimika kuitoa ni pesa yako sawasawa na ile iliyoingia. Tena 800 ina sifa ambayo 600 haina, kwamba ina uhakika. Maadamu mkataba unasema asilimia 16, kila shilingi uliyolipa mapema inakuokolea asilimia 16, soko liwe zuri liwe baya.

Kuna watu husema kulipa zaidi kuna maana miaka ya mwanzo tu, kwa sababu riba nyingi hulipwa mwanzoni. Nusu yake ni kweli. Elfu sitini utakayoongeza mwaka wa nne itakuokolea miezi michache tu ya riba. Lakini elfu sitini hiyo hiyo ikiingia kwenye mfuko mwaka wa nne, nayo itakuwa imezaa kwa miezi michache tu kufikia siku ile ile. Kwa kila mwezi mmoja mizani bado ni 800 kwa 600.

Wengine huleta mfumuko wa bei: shilingi inapungua thamani, basi acha deni liliwe na mfumuko. Lakini mfumuko unaokula deni lako ndio huo huo unaokula akiba yako iliyoko kwenye mfuko. Ukiutoa pande zote mbili, pengo kati ya 16 na 12 linabaki vilevile.

Tukaipeleka hesabu mpaka mwisho. Njia ya kwanza: wifi anaendelea na rejesho lake la kawaida kwa miezi yote 60, na kila mwezi anaweka 60,000 kwenye mfuko kwa asilimia moja ya mwezi. Mwezi wa 60 deni limekwisha, na kwenye mfuko ana takriban shilingi 4,900,000. Katika hizo, milioni 3.6 ni pesa alizoweka mwenyewe.

Njia ya pili: kila mwezi analipa 303,180, yaani rejesho pamoja na ile 60,000. Deni linakwisha mwezi wa 44, miezi 16 kabla ya wakati, na jumla ya riba inashuka kutoka 4,590,800 hadi takriban 3,263,000. Ameokoa zaidi ya milioni moja na laki tatu. Sasa kwa miezi 16 iliyobaki hana deni, na zile 303,180 zote anaziweka kwenye mfuko uleule. Kufikia mwezi wa 60 ana takriban shilingi 5,320,000.

Mtu ni yuleyule, mshahara uleule, miezi sitini ileile. Njia ya pili inamwacha na ziada ya karibu shilingi 420,000. Kwa fundi wa Kilosa hiyo ni pesa ya maana, lakini si utajiri, na ni vizuri kuujua ukubwa wake halisi kabla ya kugombana na mume.

Rudia kusoma sentensi moja hapo juu: "zile 303,180 zote anaziweka kwenye mfuko." Ushindi wa njia ya pili umesimama juu ya sentensi hiyo peke yake. Mwezi wa 45 mshahara utaingia bila makato, na utaonekana mkubwa kuliko ulivyowahi kuonekana. Ofisa mikopo naye atapiga simu, kwa sauti tamu, kumwambia kwamba sasa anastahili mkopo mpya, au hata kabla ya hapo, kwamba anaweza kufanya topapu. Akizila zile 303,180 kwa miezi 16, mwezi wa 60 atakuwa hana deni na hana akiba. Mwenzake wa njia ya kwanza, ambaye hesabu inasema amekosea, atakuwa na milioni 4.9. Kwa hiyo mtu anayejijua kwamba pesa isiyokatwa juu kwa juu haikai mkononi mwake, asinisikilize mimi. Aende na mfuko, tena kwa maagizo ya kudumu yanayochota siku ya mshahara.

Mizani ikishajulikana, kugeuza jibu ni rahisi. Mwenye mkopo wa SACCOS wa asilimia moja kwa mwezi kwenye salio, kiwango ambacho Kenya kimezoeleka sana, hupata 600 upande huu na 600 upande ule. Hapo mimi ningeuchagua mfuko, kwa kuwa pesa ya mfuko inatoka ikihitajika. Mkulima aliyepata mkopo wa kilimo wa riba isiyozidi asilimia 10, baada ya Benki Kuu ya Tanzania kulegeza masharti kwa mabenki mwaka 2021, hana sababu ya kukimbilia kuumaliza: kila 60,000 anayolipa mapema inamwokolea 500 au pungufu.

Mwenye hatifungani za zamani naye ana hesabu yake. Hatifungani ya miaka 25 ya Tanzania iliwahi kulipa asilimia 15.95 kwa mwaka kabla ya kushushwa hadi 12.56 mwaka 2022. Aliyeinunua wakati ule karibu analingana na mkopo wa asilimia 16, basi aiache ilipe. Anayenunua leo asihesabu kwa viwango vya jirani aliyenunua zamani.

Angalia kodi pia. Riba ya akaunti ya muda maalumu benki hukatwa kodi ya zuio kabla hujaigusa, asilimia 10 Tanzania na asilimia 15 Kenya. Benki ikikutangazia asilimia 10, kinachokufikia Tanzania ni 9. Riba unayookoa kwenye deni haikatwi kodi na mtu yeyote.

Wifi akaniuliza kuhusu mpunga. Kilosa watu hununua wakati wa mavuno, huhifadhi, huuza bei ikipanda. Nikamwambia tuseme ananunua mpunga wa 600,000 Juni na kuuuza 780,000 Januari. Faida ni 180,000, wakati deni kwa miezi hiyo saba lingemwokolea kama 56,000 tu. Mpunga unaonekana umeshinda mbali. Lakini toa magunia, usafiri, kodi ya ghala, na mpunga uliopungua uzito, halafu ujiulize kama Januari bei itapanda kweli. Sikumkataza. Nilimwambia hiyo ni biashara, ina jasho lake na hasara zake, na haifai kuwekwa kwenye mizani moja na 800 isiyotikisika.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kila mkopo unahesabiwa kwenye salio. Si hivyo. Wakopeshaji wengi, hasa wadogo, wanatumia riba ya flati: riba inahesabiwa kwa kiasi ulichokopa mwanzo na haipungui hata deni likibaki robo. Milioni 10 hiyo hiyo, asilimia 16 hiyo hiyo, miaka mitano hiyo hiyo, kwa flati riba ni milioni 1.6 kila mwaka, jumla milioni 8. Rejesho linakuwa 300,000 badala ya 243,180. Ukiugeuza mkopo huo uwe wa salio, riba yake ni karibu asilimia 26. Na balaa kubwa zaidi ni kwamba riba imekwisha kujumlishwa kwenye deni siku ya kwanza, hivyo kwa mikataba mingi ukilipa zaidi hupunguziwi kitu. Unakuwa umemlipa mkopeshaji mapema tu, bure. Mwenye mkopo wa namna hii aulize kwanza kwa maandishi: nikimaliza mapema, riba ya miezi iliyobaki inafutwa? Kama jibu ni hapana, elfu sitini iende kwenye mfuko bila majadiliano.

Namna ya kutambua ni kutazama jedwali la marejesho. Kama safu ya riba ina tarakimu ileile kila mwezi, hiyo ni flati. Kama inashuka kidogo kidogo, ni ya salio.

Kuna pia ada ya kulipa kabla ya wakati. Tuseme mkataba unatoza asilimia 3 ya kila kiasi cha ziada. Kwa 60,000 hiyo ni 1,800. Faida ya deni juu ya mfuko ni shilingi 200 kwa mwezi, yaani 800 toa 600, basi inachukua miezi tisa kuirudisha ada hiyo. Katika mwaka wa mwisho wa mkopo mwenye ada ya namna hiyo, karibu haina maana kulipa zaidi.

Nilipomaliza haya nikamuuliza wifi swali ambalo lilipaswa kutangulia. Akiba ya dharura anayo kiasi gani? Akacheka. Hana.

Pesa iliyoingia kwenye deni hairudi. Huwezi kwenda dirishani ukasema mtoto amelazwa, nirudishieni zile elfu sitini za miezi minne. Anayepeleka kila shilingi kwenye mkopo wa asilimia 16 bila akiba siku ya shida huishia kwenye kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya kuacha kadi ya benki au kitambulisho kwa mkopeshaji. Chukua 200,000, rudisha 260,000 baada ya mwezi: hiyo ni asilimia 30 kwa mwezi mmoja. Ukishindwa kulipa deni lenyewe na ukawa unalipa riba tu kwa miezi mitatu, umetoa 180,000 na bado unadaiwa 200,000. Kuokoa 800 kwa mwezi huku ukiwa umeuacha mlango huo wazi ni hesabu mbaya.

Tukaweka lengo la 600,000. Kwa 60,000 kila mwezi ingechukua miezi kumi, na zingekaa kwenye Mfuko wa Ukwasi, ambako zikihitajika hupatikana ndani ya siku chache za kazi. Gharama yake inahesabika. Laki sita kwenye mfuko zinazaa 6,000 kwa mwezi, kwenye deni zingeokoa 8,000. Basi anapoteza 2,000 kwa mwezi ili asiingie mikononi mwa kausha damu. Hiyo ni bima ya bei nafuu kuliko nyingi nilizowahi kuuziwa.

Mwezi wa 11 akaanza kulipa deni. Kwa kuwa rejesho lake linakatwa na mwajiri, ile ziada ilibidi aipeleke mwenyewe benki. Nilimtahadharisha mapema: usiweke tu kwenye akaunti, waambie kwa barua kwamba hizi ni za kupunguza salio la mkopo, na kwamba unataka muda upungue, rejesho libaki lilelile. Benki nyingine hufanya kinyume: hupunguza rejesho na kuuacha muda palepale, na hapo ile nafuu inayeyuka sokoni bila wewe kujua. Nyingine hazipunguzi chochote; huiweka pesa pembeni ikisubiri kuwa sehemu ya rejesho lijalo, na ikikaa hapo haikuokolei kitu.

Yeye yakampata hayo ya pili. Alipeleka barua na pesa, akapewa risiti, akarudi nyumbani ameridhika. Lakini tulikuwa tumeandika tarakimu mbili kwenye daftari lake la maandalio ya somo. Kama hakuna kilichofanyika, riba ya mwezi wa 12 itakuwa shilingi 116,104. Kama pesa imeingia kwenye salio, itakuwa 115,304. Taarifa ya mkopo ilipotoka ilisoma 116,104.

Alirudi dirishani na daftari. Kijana aliyempokea alimwambia mfumo ndivyo unavyofanya, mama usiwe na wasiwasi, pesa yako ipo. Wifi akamjibu kwamba anajua ipo, anachouliza ni ipo wapi. Akaitwa msimamizi, daftari likapita mezani, na baada ya nusu saa elfu sitini ya kwanza ikahamishiwa kwenye salio pamoja na ya pili. Jedwali jipya la marejesho lilichapwa na kugongwa muhuri. Riba ya mwezi wa 13 ilikuwa imeshuka kwa shilingi 1,600 chini ya jedwali la zamani, ambayo ni 800 mara mbili.